Uzi: Ripoti ya kufunga mradi wa maji, sehemu ya "Tulichojifunza". Nitaandikaje kwamba pampu ilikosewa bila kumchoma mhandisi?

#1 Kisima_Kirefu
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika fulani. Tumemaliza mradi wa maji vijijini mkoani Singida na ripoti ya kufunga mradi inatakiwa kwa mfadhili mwisho wa mwezi. Nimekwama kwenye sehemu ya tulichojifunza.

Kijiji kina watu kama 1,400. Kwa kiwango cha Sera ya Maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, walihitaji mita za ujazo 35 kila siku. Ikafungwa pampu ya sola ya mita za ujazo 6 kwa saa, kwa hesabu ya saa 6 za jua la kutosha. Kumbe uwezo wa kudumu wa kisima ni 3.5 tu kwa saa. Pampu ikiwaka inavuta mpaka maji yanashuka usawa wake, kihisio kinaizima, inasubiri maji yapande, inawaka tena. Siku nzuri kijiji kinapata mita za ujazo 21.

Rasimu ya kwanza iliyotoka kikaoni ilisema: "Mhandisi wa mradi aliagiza pampu bila kusubiri matokeo ya jaribio la kisima." Meneja ameifuta akaweka yake: "Changamoto za kiufundi zilijitokeza katika hatua ya manunuzi na zilishughulikiwa ipasavyo."

Ya kwanza inamchoma mtu, maana mradi ulikuwa na mhandisi mmoja tu. Ya pili hata mimi niliyekuwepo siielewi. Wenye uzoefu mnaandikaje?

#2 Chapakazi
Weka hiyo ya meneja ulale. Mfadhili anasoma muhtasari na jedwali la fedha basi. Miaka yote naandika "changamoto" na hakuna aliyewahi kuniuliza changamoto ipi.

#3 Bibi_Takwimu
Chapakazi, hakuna aliyekuuliza kwa sababu hakuna aliyeweza kuitumia.

Mleta mada, kabla ya kutafuta lugha tupe tarehe. Kisima kilichimbwa lini, pampu iliagizwa lini, jaribio lilifanyika lini, na siku pampu inaagizwa kulikuwa na karatasi gani mezani? Sentensi zote mbili ulizoleta zina ugonjwa mmoja, hazina tarehe hata moja. Mtu akikosa tarehe ndipo anapoanza kutafuta jina.

#4 Fundi_Koleo
Mimi mchimbaji. Hapa mwenye kosa ni makadirio ya siku ya kuchimba. Tukimaliza kuchimba tunapuliza kisima kwa kompresa, tunapima maji yanayotoka kwa ndoo na saa, tunaandika. Hicho kipimo siku zote kinatoa namba kubwa kuliko ukweli. Mhandisi yeyote wa maji anajua, kwa hiyo huyo wenu alijua.

#5 Kisima_Kirefu
Bibi, nimechimbua mafaili leo. Kisima cha mita 110 kilichimbwa Desemba, na karatasi ya mchimbaji inasema mita za ujazo 7 kwa saa. Jaribio la kusukuma kwa saa 24 lilikuwa mkataba wa mtu mwingine na lilipangwa Januari, ila mvua zilikata barabara na gari halikupita. Katikati ya Februari pampu ikaagizwa, kwa sababu muuzaji alisema itachukua wiki 10 kufika na fedha za mwaka lazima ziwe zimetumika ifikapo 30 Juni. Jaribio limefanyika Aprili. Pampu imefungwa Mei.

Fomu ya maombi ya manunuzi ina sahihi tatu: mhandisi, manunuzi, meneja.

#6 Bibi_Takwimu
Sasa una kitu cha kuandika. Jaribu hivi:

"Pampu iliagizwa Februari kwa kutumia makadirio ya siku ya kuchimba, mita za ujazo 7 kwa saa. Jaribio la saa 24 lililofanyika Aprili lilionyesha uwezo wa kudumu wa 3.5. Wakati wa kuagiza, barabara ilikuwa haipitiki kwa gari la jaribio, pampu ilihitaji wiki 10 kufika, na fedha zilipaswa kutumika kabla ya 30 Juni. Fomu ya maombi ya manunuzi haidai matokeo ya jaribio yaambatishwe, hivyo ilipitishwa katika ngazi zote tatu bila swali hilo kuulizwa. Matokeo yake kijiji kinapata maji ya kutosha watu 840 kati ya 1,400."

Angalia kilichobadilika. Kosa limetajwa waziwazi kuliko hata rasimu ya kwanza, namba ziko, tarehe ziko. Ila anayebeba sentensi ni uamuzi na mazingira yake. Msomaji anaona mtu mwenye akili timamu angeweza kuamua vilevile siku ile kwa alichokuwa nacho. Asipoona hivyo atasema "sisi wahandisi wetu ni makini" na atarudia kosa hilohilo.

#7 Asiyelala
Poleni kwa majukumu. Mimi naomba kuuliza, je, huyo mhandisi amepewa barua ya onyo? Maana nijuavyo mtu anapaswa kupewa nafasi ya kujieleza kabla ya kuadhibiwa.

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa mhasibu kwenye mradi wa afya, ripoti ya kufunga ikaandika "mhasibu alichelewesha marejesho ya masurufu". Jina langu halikuwepo. Mwaka uliofuata niko kwenye usaili sehemu nyingine kabisa, mmoja wa jopo ananiuliza, "Wewe ndiye yule mhasibu wa masurufu?" Masurufu yalichelewa kwa sababu vituo vya afya vilikuwa vinaleta risiti mara moja kwa robo mwaka. Hilo halikuandikwa.

#8 Nyundo_ya_Pili
Dada Asiyelala, hapa haizungumziwi nidhamu ya kazi, wanazungumzia kuandika ripoti. Sheria ya kazi ina uzi wake.

#9 Bibi_Takwimu
Nyundo, kisa chake kinahusu hapahapa kuliko unavyodhani. Watu wanaamini ukiondoa jina ukabakiza cheo umemlinda mtu. Kwenye mradi wenye watumishi sita cheo ni jina. "Mhandisi wa mradi", "dereva", "afisa jamii wa kata fulani", wote wanajulikana mpaka na mwenye duka la jirani. Pole dada. Kipimo changu ni kimoja: mtu anayeifahamu ofisi akisoma sentensi anaona sura ya nani? Akiona sura moja, sentensi irudi jikoni.

#10 Mkaguzi_Mstaafu
Nimefanya ukaguzi wa ndani muda mrefu na nina mashaka na mtindo huu. Mkishajifunza kuandika "fomu haikudai", kila jambo litakuwa kosa la fomu. Fomu haina mikono. Kuna mtu aliona namba 7 imeandikwa kwenye karatasi ya mchimbaji na akaamua inatosha. Na kuna mtu aliyemsukuma aamue. Mnawasafisha wote wawili kwa sabuni moja.

Halafu mnafanya nini pale fedha zimeliwa? Nazo mtaandika "utaratibu haukudai risiti"?

#11 Bibi_Takwimu
Mzee, kwa fedha zilizoliwa nakubaliana nawe moja kwa moja. Wizi, risiti za kughushi, ndugu kupewa zabuni, hivyo haviingii kwenye sehemu hii kabisa. Vina njia yake: taarifa kwa mkaguzi, kamati ya nidhamu, PCCB ikibidi. Ukiviweka kwenye tulichojifunza unaharibu vyote viwili, mwizi anapata hifadhi na wengine wanaogopa kusema ukweli wao.

Kwenye usafi sikubali. Sijaandika kwamba hakuna aliyeamua. Nimeandika uamuzi ulikuwa nini na ulifanyika lini.

#12 Nakuru_Wetu
Habari zenu kutoka huku Kenya. Wanaosema lugha hii ni ya kubembelezana waangalie watu wa anga. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa ICAO, kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Na ripoti zao hazikosi ukali, zinaeleza mpaka rubani aligusa kitufe gani sekunde gani.

Au chukua chombo cha NASA kilichopotea Mirihi tarehe 23 Septemba 1999. Programu ya ardhini ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, timu ya uongozaji ikazisoma kama za metriki. Kosa la darasa la pili, mtu angesema. Kuna mtu aliandika programu ile, na bodi ya uchunguzi haikumtaja. Ilitaja faili lililokosewa, ikasema kwamba ishara za njia kupotoka zilionekana safarini na hazikufuatiliwa ipasavyo. Hapo ndipo funzo lilipo. Kosa dogo lilipita miezi kadhaa mbele ya macho ya watu wengi.

#13 Mkaguzi_Mstaafu
Watu wa anga wana chombo huru cha uchunguzi. Hapa anayeandika ripoti ni mwajiriwa wa aliyetia sahihi fomu. Msifananishe.

#14 Nakuru_Wetu
Hiyo ni kweli na sina jibu lake.

#15 Mwanamvua
Samahani, ninaona kitu hakijaguswa. Mleta mada umesema jaribio limefanyika Aprili na pampu imefungwa Mei. Kwa hiyo kabla ya kufunga, matokeo yalikuwepo! Yalifika kwa nani?

#16 Fundi_Koleo
Ndiyo niliyokuwa nasema, mhandisi alijua.

#17 Kisima_Kirefu
Mwanamvua, swali hilo limenifanya nirudi kwenye barua pepe zote za Aprili. Mkataba wa aliyefanya jaribio unasema ripoti iambatane na ankara ya malipo. Kwa hiyo aliituma kwa manunuzi, pamoja na ankara. Manunuzi wakalipa na kufaili. Mhandisi hakunakiliwa. Wakati huo alikuwa kijijini akisimamia mnara wa tangi. Ripoti ameiona Juni, baada ya wananchi kulalamika, alipokwenda kuitafuta mwenyewe.

#18 Mwanamvua
Basi rasimu ya kwanza haikuwa kali tu, ilikuwa pungufu. Ilimshika mtu wa Februari ikaacha kuangalia Aprili. Kosa la Februari lilikuwa linarekebishika mpaka siku ya kufunga pampu. La Aprili ndilo lililofunga mlango, na halina mtu wa kumlaumu hata ukimtafuta, ni njia ya karatasi tu.

#19 Chapakazi
Haya, nimeanza kusoma uzi kwa makini sasa. Mwanamvua upewe ajira.

#20 Mhandisi_Kimya
Nimekuwa nasoma tu, ila kuna mambo mawili ya kitaalamu hayako sawa.

Fundi Koleo, si kweli kwamba kipimo cha kompresa siku zote kinazidisha. Bomba la hewa likiwa halijazama vya kutosha, au kompresa ikiwa dhaifu, kinapunguza. Shida yake kubwa ni ufupi. Kwa saa moja au mbili unaweza kuwa unatoa maji yaliyokuwa yamejikusanya kwenye kisima na kwenye nyufa za karibu. Ukisukuma saa 24 ndipo unapoona kama maji yanaendelea kushuka au yanatulia. Kwenye miamba ya Singida, ambako maji yako kwenye nyufa, tofauti inaweza kuwa kubwa kwa upande wowote.

La pili ndilo zito. Bibi, aya yako inasema "matokeo yake kijiji kinapata maji ya watu 840". Si matokeo ya pampu. Kisima kinatoa 3.5 kwa saa. Hata mngenunua pampu sahihi ya 3.5, kwa saa 6 za jua mngepata 21 zilezile. Watu 560 wamekosa maji kwa sababu kisima ni kidogo. Pampu kubwa imeleta hasara nyingine: bei ya ziada, paneli za ziada, na kuwaka na kuzima mara kwa mara ambako kutachosha mota. Hilo la mwisho linatibika kwa kupunguza kasi kwenye kidhibiti cha pampu ili isivute zaidi ya kisima kinavyotoa.

#21 Bibi_Takwimu
Mhandisi Kimya, ahsante. Hesabu yako inavunja sentensi yangu ya mwisho na inastahili kuvunjwa.

Basi kilichopotea kwa kukosa matokeo ni nini hasa? Naona ni uamuzi. Kama 3.5 ingejulikana kabla fedha hazijafungwa kwenye pampu na mabomba, mradi ungeweza kuchagua kuchimba kisima cha pili, au kuongeza jenereta ya kusukuma usiku, au kumwambia mfadhili mapema kwamba maji hayatafika 35. Juni hakukuwa na fedha ya kuchagua chochote.

#22 Mhandisi_Kimya
Hapo sawa. Jenereta kwa tahadhari. Ukisukuma 3.5 kwa saa 10 unafika 35, ila jaribio la saa 24 halikuambii kisima kitastahimili hivyo mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi. Ningesema kisima cha pili.

#23 Fundi_Koleo
Kwenye kompresa nimekuelewa mhandisi. Ila na nyinyi wenye miradi mjue mchimbaji analipwa kwa mita, halipwi kwa usahihi wa namba ile. Tunaiandika kwa sababu fomu ina nafasi yake. Hakuna mchimbaji anayedhani mtaitumia kuagiza pampu.

#24 Nyundo_ya_Pili
Hilo la Fundi liingie kwenye ripoti kama lilivyo! Namba iliyoandikwa kwa kazi moja ikatumika kwa kazi nyingine, na karatasi yenyewe haikusema "makadirio tu".

#25 Mama_Kata
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Naona mnamlinda mhandisi vizuri sana. Mleta mada, hebu tuwekee na lile funzo linalohusu wananchi, maana najua lipo. Kila ripoti linakuwepo.

#26 Kisima_Kirefu
Lipo dada. Linasema: "Jamii haikuwa na mwamko wa kutosha wa kuchangia gharama za maji, hali inayohatarisha uendelevu wa mradi." Limepita kikaoni bila mtu kulipinga.

#27 Mama_Kata
Nilijua. Watu 1,400 wamelaumiwa kwa mpigo na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hawapo kikaoni na ripoti hawataisoma. Kama mhandisi anastahili tarehe na mazingira, na wao wanastahili. Walianza kulipa lini? Waliacha lini? Wakati huo bomba lilikuwa linatoa maji mpaka saa ngapi?

#28 Kisima_Kirefu
Daftari la chombo cha watumia maji linaonyesha Mei makusanyo yalikuwa mazuri, shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Yameshuka Julai. Mhudumu wa kituo ameandika pembeni kwamba kufikia saa nne asubuhi maji yanakatika na foleni inabaki. Wengine wamerudi kwenye visima vya kuchimba kwa mkono huko mtoni.

#29 Mama_Kata
Basi waliacha kulipia maji ambayo hayakuwepo. Andika hivyohivyo. "Makusanyo yalishuka kuanzia Julai, vituo vilipoanza kukauka kufikia saa nne asubuhi." Neno mwamko liondoke, maana ukiliacha, mradi ujao watatenga fedha za semina ya uhamasishaji badala ya kisima.

#30 Mwanamvua
Kwa hiyo mafunzo mawili yaliyoandikwa mbalimbali ni jambo moja.

#31 Mkaguzi_Mstaafu
Nasoma na nakubali mengi. Bado mnakwepa moja. Tarehe 30 Juni. Nani aliyeamua kwamba fedha zikibaki ni kosa kubwa kuliko pampu isiyofaa? Barabara na wiki 10 ni mambo ya Mungu na ya meli. 30 Juni ni la mtu. Kama lilitoka kwa mfadhili, liandikwe ni la mfadhili. Kama mfadhili angekubali kuongeza muda na meneja hakuomba, liandikwe hilo.

#32 Kisima_Kirefu
Mkataba unaruhusu kuomba kuongezewa muda bila gharama za ziada, siku 60 kabla. Sijaona ombi lolote kwenye faili. Ila sijui kama liliwahi kujadiliwa kwa mdomo.

#33 Chapakazi
Na meneja ndiye anayepitisha ripoti. Pole sana mkuu.

#34 Bibi_Takwimu
Andika unachoweza kuonyesha kwa karatasi: "Mkataba unaruhusu kuomba kuongezewa muda siku 60 kabla ya mwisho. Faili la mradi halina ombi hilo." Sentensi mbili za kweli. Usiongeze "meneja hakuomba", maana hujui kilichozungumzwa, na huenda mfadhili mwenyewe alisema kwa simu asiletewe.

#35 Mkaguzi_Mstaafu
Sasa rudi kwenye kipimo chako Bibi. Anayeifahamu ofisi akisoma "faili halina ombi" anaona sura ya nani? Moja tu. Kwa nini mhandisi alindwe kwa kurudishwa jikoni na huyu asilindwe? Au tuwe wa kweli tuseme kwamba mwenye madaraka ya kuamua anapaswa kuonekana zaidi kuliko mwenye kutekeleza.

#36 Bibi_Takwimu
Ninaelekea kukubali kwamba kadiri mtu alivyo na nafasi ya kubadili mazingira ndivyo uamuzi wake unavyopaswa kuandikwa karibu naye zaidi. Lakini ukiandika hivyo meneja ataifuta, na ripoti itakayokwenda ni ya "changamoto za kiufundi". Mimi ningeandika "ngazi ya usimamizi wa mradi". Najua wewe utaona ni kujificha.

#37 Mkaguzi_Mstaafu
Naona hivyo, ndiyo.

#38 Nakuru_Wetu
Kuna njia ya katikati. Andika kwa upande wa mradi ujao. "Matokeo ya jaribio yakichelewa zaidi ya mwezi, mradi uombe muda kwa maandishi, na jibu la mfadhili liwekwe kwenye faili." Msomaji atajua kwamba safari hii halikufanyika, na meneja hana cha kufuta.

#39 Mkaguzi_Mstaafu
Pendekezo bila tukio ni la hewani. Mfadhili atauliza limetoka wapi.

#40 Asiyelala
Jamani, mhandisi mwenyewe ameisoma hii aya? Mimi ningepewa kuisoma kabla haijatumwa, ningewaambia habari ya risiti za robo mwaka kwa dakika mbili.

#41 Kisima_Kirefu
Mkataba wake uliisha Julai. Yuko mradi mwingine Kigoma, namba yake ninayo. Nitampigia kesho.

#42 Nyundo_ya_Pili
Mtumie kwa maandishi kabisa, na wa manunuzi naye, maana aya ya Aprili sasa inamwangukia yeye. Mmemtoa mhandisi kwenye moto, msimwingize mwingine.

#43 Mwanamvua
Kweli. "Manunuzi walilipa na kufaili" nayo ina sura. Sababu ni mkataba uliofunga ripoti ya jaribio pamoja na ankara. Hiyo ndiyo ya kuandikwa.

#44 Kisima_Kirefu
Ahsanteni. Nimeunganisha hivi, kosoeni:

"Pampu iliagizwa Februari kwa makadirio ya siku ya kuchimba (mita za ujazo 7 kwa saa), wakati jaribio la saa 24 lilikuwa limekwamishwa na barabara, pampu ikihitaji wiki 10 kufika na fedha zikitakiwa kutumika kabla ya 30 Juni. Fomu ya maombi haidai matokeo ya jaribio. Matokeo (3.5 kwa saa) yalipatikana Aprili, kabla ya pampu kufungwa, lakini mkataba wa jaribio unaelekeza ripoti iletwe pamoja na ankara, hivyo hayakufika kwenye usanifu hadi Juni. Uwezo mdogo wa kisima ulijulikana wakati fedha ya kisima cha pili haikuwepo tena. Vituo vilianza kukauka kufikia saa nne asubuhi, na makusanyo yakashuka kuanzia Julai. Mkataba wa mfadhili unaruhusu kuomba kuongezewa muda. Faili la mradi halina ombi hilo.

Mradi ujao: malipo ya awali ya pampu yasitolewe bila ripoti ya jaribio kuambatishwa, na mkataba wa jaribio uelekeze matokeo yatumwe kwa msanifu ndani ya siku 3, mbali na ankara."

#45 Mhandisi_Kimya
Kitaalamu iko sawa. Ongeza kwamba kasi ya pampu ipunguzwe kwenye kidhibiti sasa hivi, usisubiri mradi ujao. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

#46 Mama_Kata
Na mwamko haumo. Nimeridhika.

#47 Chapakazi
Sentensi ya ombi la muda haitavuka meza ya meneja, niko tayari kuweka dau.

#48 Mkaguzi_Mstaafu
Ikifutwa, tunza rasimu yenye tarehe, na kumbukumbu za kikao ziseme ilikuwepo. Bado nasema kuna uamuzi wa mtu hapo ambao haujaandikwa.

#49 Bibi_Takwimu
Mzee, tutabishana tena. Mleta mada, ripoti ya jaribio iingie nzima kwenye viambatisho, na nakala iende RUWASA wilaya pamoja na hati za makabidhiano. Wao ndio watakaokuja kutafuta kisima cha pili, na wakikuta karatasi ya mchimbaji peke yake wataanza na ile 7.

#50 Kisima_Kirefu
Nimeongea na mhandisi mchana huu. Anasema Machi aliuliza kwa simu kuhusu jaribio, mara mbili, akaambiwa barabara bado. Simu haziko kwenye faili. Niziandike?

#51 Asiyelala
Ziandike!

#52 Bibi_Takwimu
Aandike yeye mwenyewe kwa barua pepe kwanza, tarehe anazokumbuka, kisha umuulize na aliyepokea simu. Usiziingize kwa kusikia upande mmoja.